Kuizuia kibodi ya simu isibadilishe maneno unapochanganya Kiswahili na Kiingereza

Mwenzangu kazini aliwahi kunitumia rasimu ya ripoti aliyoihangaikia kwa siku nyingi, nami nikamjibu kwa haraka kwamba hata mimi nimeipenda na nitawapelekea wengine siku hiyo hiyo. Ujumbe uliomfikia haukuanza na neno "Hata" bali ulianza na "Hate", na kabla sijaligundua kosa alikwisha kuniuliza ni kitu gani kilichonichukiza katika kazi yake. Niliandika neno sahihi kwa herufi sahihi, lakini mara nilipogusa kitufe cha nafasi kibodi ililiondoa na kuweka la Kiingereza. Tangu wakati huo nimeichunguza mipangilio ya kibodi kwa makini, na haya ninayoyaeleza ndiyo niliyoyaona yanafanya kazi kwa mtu anayeandika Kiswahili na Kiingereza ndani ya mazungumzo yale yale, na mara nyingi ndani ya sentensi ile ile.

Nitaeleza zaidi kuhusu Gboard, ambayo ndiyo kibodi ya Google inayokuja na simu nyingi za Android, kisha nitagusia iPhone. Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka simu inapotumia Kiingereza; kama simu yako inatumia lugha nyingine, mpangilio wenyewe unabaki mahali pale pale hata jina likiwa tofauti.

Kwanza tambua ni nini hasa kinachobadilisha neno

Watu wengi huzima swichi ya kwanza wanayoiona, kisha hukata tamaa kwa kuwa tatizo linaendelea. Sababu ni kwamba kuna mambo matatu tofauti yanayofanana kwa mbali, na kila moja lina swichi yake.

Jambo la kwanza ni usahihishaji wa kiotomatiki. Unaandika herufi zote za neno, zinaonekana zilivyo, kisha unapogusa kitufe cha nafasi au kuweka nukta, neno linageuka. Dalili yake ni huo wakati: neno lilikuwa sahihi hadi ulipolimaliza. Jambo la pili ni mstari mwekundu chini ya neno. Huo ni ukaguzi wa tahajia tu, nao haubadilishi chochote bila wewe kugusa, kwa hiyo kuuzima hakutakuokoa na kosa kama langu. Jambo la tatu ni kuandika kwa kutelezesha kidole kutoka herufi hadi herufi bila kukiinua. Hapo hakuna neno la awali lililobadilishwa, kwa sababu kibodi haikupokea herufi moja moja, bali ilipokea mchoro wa njia ya kidole na kuutafutia neno katika kamusi zake. Neno lisilokuwemo katika kamusi haliwezi kutoka, hata ukitelezesha kwa usahihi namna gani.

Ili kujua tatizo lako ni lipi, fungua programu ya kuandikia kumbukumbu, si mazungumzo na mtu, kisha andika kwa kugusa herufi moja moja, polepole, bila kuchagua pendekezo lolote, sentensi hizi mbili:

```
Hata sasa sijapata file lako, tuma tena leo please.
Wale wageni wame-confirm, bado hatujawapangia room.
```

Linganisha ulichokiandika na kilichobaki kwenye kioo, ukiandika pembeni kila neno lililogeuka. Orodha hiyo fupi itunze, kwa kuwa utaihitaji tena baada ya kila badiliko utakalofanya. Bila kipimo hiki utabaki kukisia.

Kwa nini maneno mafupi ndiyo yanayoumia

Kibodi inapopokea neno isilolijua, huuliza maswali mawili: je, kuna neno ninalolijua ambalo herufi zake ziko karibu na hizi, na je, neno hilo linafaa kufuata yaliyotangulia? Ukaribu hapa ni wa vitufe pia, si wa tahajia tu. Kama kibodi yako ina kamusi ya Kiingereza peke yake, "hata" ina jirani wengi: "hate", "hats", "that". Vivyo hivyo "kama" ina "karma", "bado" ina "bad", "tena" ina "tens", na "leo" huweza kupewa herufi kubwa katikati ya sentensi kwa kuwa Kiingereza kinaijua kama jina la mtu. Lakini "hatujawapangia" haina jirani yeyote wa Kiingereza, kwa hiyo mara nyingi huachwa salama, ikipigiwa tu mstari mwekundu. Ndiyo maana katika orodha yako utaona kwamba walioumia zaidi ni maneno ya herufi tatu hadi tano, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo yanayobeba mwelekeo wa sentensi ya Kiswahili.

Hatua ya kwanza: iongezee kibodi kamusi ya Kiswahili

Fungua mahali popote pa kuandikia ili kibodi ijitokeze, kisha bonyeza na kushikilia kitufe cha mkato hadi uione alama ya gia, na upeleke kidole hapo. Hiyo ndiyo njia fupi ya kuingia katika mipangilio ya Gboard. Gusa "Languages", kisha "Add keyboard", na utafute "Swahili". Ukipewa matoleo zaidi ya moja kufuatana na nchi, chagua moja tu. Chagua pia mpangilio wa vitufe uleule unaoutumia kwa Kiingereza, kwa kawaida QWERTY, ili vidole visilazimike kujifunza upya.

Baada ya kuongeza, rudi kwenye orodha ya lugha, gusa ile unayoitumia zaidi, na utafute swichi iitwayo "Multilingual typing". Ukiiwasha na kuitia alama lugha ya pili, kibodi itatafuta kila neno katika kamusi zote mbili kwa pamoja, wala hutahitaji kubadili lugha kwa kugusa alama ya dunia kila unapovuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Gboard inaruhusu hadi lugha tatu kwa pamoja, lakini nakushauri ubaki na zile unazoziandika kweli, kwa kuwa kila kamusi inayoongezwa huleta majirani wapya wa maneno yako.

Kamusi ya lugha mpya hupakuliwa kutoka mtandaoni, na mpaka ifike utakuwa na vitufe tu. Kujua kama imefika ni rahisi: andika "kesh" na utazame ukanda wa mapendekezo ulio juu ya herufi. Ukiiona "kesho", kamusi ipo. Usipoiona, unganisha simu na mtandao, subiri kidogo, kisha ujaribu tena. Nimekutana na watu walioilaumu kamusi ya Kiswahili kuwa haifai kitu, kumbe haikuwa imeshuka kabisa.

Hatua ya pili: iondolee kibodi mamlaka ya kubadilisha, uiachie ya kupendekeza

Hapa ndipo maelekezo mengi huishia mapema, yakidhani kwamba ukishaongeza Kiswahili kazi imekwisha. Ukirudia sentensi za majaribio sasa, kweli utaona "hata", "bado" na "leo" zinapona. Lakini kosa halijaondoka lote. Limegeuka sura, na sura yake mpya ni mbaya kuliko ile ya kwanza.

Chukua kitenzi "leta". Kwa Kiingereza, kitenzi chenye maana hiyo kina maumbo manne: "bring", "brings", "bringing" na "brought". Kwa Kiswahili, nafsi sita zikikutana na nyakati nne tu, yaani "na", "li", "ta" na "me", tayari una maumbo 24. Ongeza kwamba mtu anaweza kuleta, kuletea, kuletwa au kuletewa, nayo yanafikia 96, kabla hujaweka anayetendewa kama katika "nitakuletea", kabla ya ukanushi kama katika "hatukuletewa", na kabla ya ngeli nyingine zote za nomino. Kamusi ya kibodi hukusanya maumbo yaliyokutwa yameandikwa mara nyingi, kwa hiyo umbo sahihi kabisa ulilolihitaji leo laweza kuwa halimo.

Sasa fikiria kinachotokea umbo hilo lisipokuwemo huku kamusi ya Kiswahili ikiwa imewashwa. Neno lako halina jirani wa Kiingereza, lakini lina majirani wa Kiswahili, na jirani hutofautiana nawe kwa herufi moja tu inayobeba nafsi, wakati, mtendewa au hali ya kutendwa. "Nimemlipa" inaweza kuwa "nimelipa". "Hatujalipwa" inaweza kuwa "hatujalipa". Matokeo yake ni Kiswahili safi ambacho jicho linapita juu yake bila kushtuka, hali "Hate" ingemshtua mtu yeyote. Msomaji wako hana namna ya kujua kwamba hukusema hivyo.

Kwa sababu hiyo maoni yangu ni kwamba anayechanganya lugha hizi mbili azime usahihishaji wa kiotomatiki hata baada ya kuongeza kamusi ya Kiswahili. Rudi katika mipangilio ya Gboard, ufungue sehemu iitwayo "Text correction", ambayo katika matoleo mengine husomeka "Corrections & suggestions", na uizime swichi ya "Auto-correction". Usiizime ile ya ukanda wa mapendekezo. Kwa mpangilio huu kibodi itaendelea kukuonyesha neno inalodhani ulilitaka, lakini litaingia tu ukiligusa mwenyewe.

Gharama yake ipo, nayo ni haki niitaje. Makosa ya vidole katika Kiingereza, ambayo zamani yalirekebishwa bila wewe kujua, sasa yatabaki. Ukiandika "teh" badala ya "the", itabaki "teh" hadi uguse pendekezo. Anayeandika Kiingereza kirefu na Kiswahili cha neno moja moja anaweza kuona kwamba gharama hiyo ni kubwa mno. Mtu huyo aiache "Auto-correction" ikiwa imewashwa, lakini ahakikishe kwamba swichi ya "Undo auto-correct on backspace" imewashwa pia. Kwa swichi hiyo, neno likigeuka unapogusa kitufe cha nafasi, gusa kitufe cha kufuta mara moja papo hapo na neno lako la awali litarudi. Ni lazima ufanye hivyo kabla hujaanza neno linalofuata. Ukichelewa, kitufe cha kufuta kitafuta herufi tu kama kawaida. Ukizoea pia kuutazama ukanda wa mapendekezo, utaona kwamba neno la katikati lililokolezwa ndilo litakaloingia, na ulilokuwa ukiliandika liko kushoto. Kuligusa hilo la kushoto ni kukataa badiliko kabla halijatokea.

Hatua ya tatu: ifundishe kibodi maneno yanayoungana ndani kwa ndani

Kuna aina ya neno ambalo hakuna kamusi ya lugha yoyote inayolijua, nalo ndilo linalotokea sana katika mazungumzo ya lugha mbili: shina la Kiingereza lililovishwa viambishi vya Kiswahili. Tunaandika "wame-confirm", "nitaiforward", "ame-update". Swichi ya lugha nyingi haisaidii hapa, kwa sababu kibodi hupima neno zima, na neno hili kwa nusu ni la kamusi moja na kwa nusu la nyingine. Kama usahihishaji umezimwa, litapigiwa mstari mwekundu tu. Kama umewashwa, kibodi inaweza kuliharibu.

Dawa yake ni kamusi yako binafsi. Katika mipangilio ya Gboard gusa "Dictionary", kisha "Personal dictionary". Utaona lugha zako pamoja na "All languages". Chagua hiyo ya mwisho ili neno litambulike bila kujali lugha iliyo mbele kwa wakati huo. Gusa alama ya kujumlisha, andika neno, na uache sehemu ya "Shortcut" ikiwa tupu.

Usijaribu kuandika humo vitenzi vyote vya Kiswahili, kwani hesabu ya 96 imekwisha kukuonyesha kwamba kazi hiyo haina mwisho. Weka majina ya watu na ya mahali unayoyataja mara kwa mara, weka yale maneno mafupi yaliyobaki katika orodha yako ya majaribio, na weka maumbo machache mchanganyiko unayoyatumia kila siku. Maneno ishirini yaliyochaguliwa kutokana na makosa yaliyotokea kweli yana faida kuliko mia mbili yaliyobuniwa kwa kukaa na kufikiri.

Angalia jambo moja kuhusu vifupisho. Sehemu ya "Shortcut" hukuwezesha kuandika herufi chache na kupewa neno refu, na inavutia kuitumia. Lakini kifupisho ambacho chenyewe ni neno katika mojawapo ya lugha zako kitakuletea tatizo lile lile unalolikimbia. "So" ni neno la Kiingereza, "na" ni neno la Kiswahili, na "me" hutokea katika Kiingereza kila mara. Chagua mfuatano usio neno popote, kwa mfano "ntkj" kwa ajili ya "nitakujulisha".

Hatua ya nne: ondoa yale ambayo kibodi ilijifunza vibaya

Kibodi huyakumbuka maneno unayoyaandika. Kama kwa miezi kadhaa umekuwa ukiandika kwa haraka na kuacha "lkini" bila kuirekebisha, itakuja kukupendekezea "lkini" kwa imani kamili. Pendekezo la namna hiyo likijitokeza katika ukanda, libonyeze na kulishikilia, kisha uliburute hadi kwenye alama ya pipa la taka inayotokea. Fanya hivyo kila unapoliona, hata kama una haraka.

Iko pia njia ya kufuta kila kitu ilichojifunza, kupitia "Privacy" na kisha "Delete learned words and data", ambapo utatakiwa kuandika namba fupi inayoonyeshwa ili kuthibitisha. Mimi ningeiweka iwe njia ya mwisho, kwa sababu inafuta pia mazuri yote kibodi iliyojifunza kutoka kwako, na siku za mwanzo mapendekezo yatakuwa mageni.

Kama unaandika kwa kutelezesha kidole, haya yote yatakusaidia kwa sehemu tu. Kuzima usahihishaji hakuigusi njia hiyo, kwa kuwa haiwezi kufanya kazi bila kukisia. Teleza kwa maneno ya kawaida, lakini vitenzi virefu vya Kiswahili na maneno mchanganyiko yaandike kwa kugusa herufi. Ukiona vidole vinateleza bila kukusudia unapoandika upesi, nenda "Glide typing" na uzime "Enable glide typing".

Kwa wenye iPhone

Katika iPhone ingia "Settings", kisha "General", kisha "Keyboard", na ndani yake "Keyboards" na "Add New Keyboard", uongeze "Swahili". Ukirudi katika menyu ya "Keyboard" utaziona swichi za "Auto-Correction" na "Check Spelling". Ile ya kwanza ndiyo inayobadilisha maneno, na hoja za kuizima ni zile zile nilizozieleza. Anayetaka kuiacha ikiwa imewashwa, kuanzia iOS 17 ya mwaka 2023 neno lililobadilishwa hupigiwa mstari kwa muda mfupi, na ukiligusa unaonyeshwa uliloliandika ili ulirudishe.

Kamusi binafsi ya iPhone imejificha mahali ambapo mtu hangetarajia, yaani katika "Text Replacement" ndani ya menyu hiyo hiyo ya "Keyboard". Gusa alama ya kujumlisha, andika neno lako katika "Phrase", na uache "Shortcut" tupu. Kwa kufanya hivyo unaiambia kibodi kwamba neno hilo lipo na lisiguswe. Anza na "hata".

Sentensi ile ile, baada ya kurekebisha

Baada ya mipangilio yote, rudia jaribio la mwanzo, kisha uandike ujumbe wa kweli. Wangu niliuandika upya hivi, kwa kugusa herufi moja moja:

```
Hata mimi nimeipenda, nitaiforward kwa wengine leo. Did you recieve the comments?
```

"Hata" ilibaki "Hata", na "leo" ilibaki na herufi ndogo. "Nitaiforward" ilipigiwa mstari mwekundu, nikaiongeza katika kamusi yangu. "Recieve" ilibaki na kosa lake kama nilivyoliandika, na katika ukanda wa mapendekezo "receive" lilikuwa likisubiri niliguse. Nikaligusa, nikausoma ujumbe wote mara moja kuanzia neno la kwanza, nikautuma.